Rasta kwa mwanamke mfupi mwenye umbo dogo: namna ya kupata urefu na ujazo unaokukaa

Maswali ni yale yale kila wiki. "Dada, mimi mfupi, nikisuka ndefu si zitanimeza?" "Mbona mwenzangu alisuka hizi hizi zikampendeza, mimi nimekuwa kichwa tu?" Wengine huja na picha kwenye simu, dada wa kwenye picha ana futi tano na inchi nane, nao wana futi nne na inchi kumi na moja, kisha wananunua pakiti zenye inchi zile zile. Hapo ndipo tatizo linapoanzia, kabla hata chanuo halijagusa nywele.

Mwongozo huu ni wa rasta za kuongezea, kwa sababu ndizo zinazosukwa zaidi na ndizo zinazokosewa zaidi. Wigi na nywele za asili nitazigusa mwishoni, maana vipimo vyake vinatokana na hivi hivi.

Nikisema umbo dogo namaanisha mwanamke wa takriban sentimita 160 kushuka chini, mwenye mabega membamba na mifupa midogo. Kama wewe ni mfupi lakini una mwili mpana, hatua za urefu zinakuhusu zote, ila kwenye ujazo unaweza kuongeza kidogo bila shida.

Jambo moja tu la kuelewa kabla hatujaanza. Vichwa vya watu wazima havipishani sana kwa ukubwa. Mwanamke wa sentimita 150 na wa sentimita 172 wanaweza kupishana sentimita moja au mbili tu kichwani, ilhali mwilini wamepishana sentimita 22. Kwa hiyo kichwa cha mfupi tayari kinachukua sehemu kubwa zaidi ya umbo lake. Kila unachokiongeza pale juu kinaonekana zaidi, na kila inchi unayoishusha mgongoni inafika mbali zaidi.

Vitu vya kuwa navyo

- Utepe wa kupimia wa fundi cherehani, wenye sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili
- Penseli na ukuta ulionyooka
- Kioo kirefu kinachokuonyesha hadi miguuni. Kioo cha saluni kinachoishia kifuani hakifai kwa kazi hii.
- Uzi mweusi wa kufumia, donge moja linatosha
- Utepe wa kichwani au kitambaa chembamba cha kufunga kuzunguka kichwa
- Simu ya kupigia picha na mtu wa kukusaidia kupima mgongo

Hatua

1. Pima urefu wako, kisha ugawe kwa tatu.

Vua viatu, simama umeegemea ukuta visigino vikigusa, na msaidizi aweke alama ya penseli usawa wa utosi. Pima kutoka chini hadi kwenye alama, gawa kwa tatu. Jibu ndilo umbali wa mwisho ambao nywele zako zinatakiwa kushuka, ukipima wima kutoka utosini kwenda chini.

Tuchukue mteja niliyemsuka, mwenye sentimita 150. Theluthi yake ni sentimita 50. Tulishusha utepe ukutani kutoka kwenye alama ya utosi, tukaweka alama nyingine. Akageuka akaegemea tena: alama ya pili ilikuwa chini kidogo ya mstari wa sidiria, juu ya kiuno. Alikuja akitaka za kufika makalioni. Alipoiona ile alama aliguna, lakini alikubali tuendelee kupima.

Kwa nini theluthi? Kwa sababu ukiishia hapo kiuno kinabaki wazi, na kiuno ndicho kinachomwonyesha mtu mahali miguu yako inapoanzia. Rasta zikishafunika kiuno na kutua kwenye makalio, ukitazamwa kwa nyuma unakuwa nywele na miguu mifupi, kiwiliwili kimepotea. Huu si msahafu. Ni kipimo cha kuanzia, nacho kimenisaidia sana kupunguza wateja wanaorudi kufumua.

2. Chagua mahali pa kutua.

Ndani ya ile theluthi kuna sehemu tatu ambazo rasta zikitua zinakaa vizuri: usawa wa taya hadi katikati ya shingo, kwenye mtulinga, na kwenye mstari wa sidiria mgongoni. Chagua moja, usibaki kati kati.

Shingo ndiyo inayoamua. Weka vidole vyako vinne vilivyoshikana chini ya kidevu, ukitazama mbele. Vikiingia vyote kati ya kidevu na mtulinga, una shingo ya kutosha na unaweza kuvaa mtindo wowote kati ya hiyo mitatu. Visipoingia, acha kabisa urefu unaotua kwenye mabega. Rasta nene zikikalia bega husimama, zinasukumwa kwenda nje, na shingo yote inafunikwa. Kwa shingo fupi nenda juu, usawa wa taya, au shuka mpaka chini ya mtulinga.

Kosa la kawaida hapa ni kukimbilia nywele ndefu ukitumaini zitakurefusha. Zikiwa nyembamba, zimelala, na zinaishia juu ya kiuno, zinasaidia kweli. Zikiwa nene na ndefu, zinakuvuta chini.

3. Geuza kipimo kiwe inchi, mstari kwa mstari.

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka. Rasta ya kisogoni na rasta ya utosini haziwezi kuwa na urefu mmoja kama unataka ziishie mahali pamoja. Ya utosini inapita kwanza juu ya mviringo wa kichwa kabla haijaanza kuning'inia, lakini ya kisogoni inaanza kuning'inia papo hapo.

Turudi kwa mteja wetu. Kutoka utosini kushuka wima hadi pale nywele zinapoishia shingoni ilikuwa sentimita 18. Theluthi yake ni 50, kwa hiyo chini ya hapo palibaki sentimita 32. Rasta za mstari wa mwisho wa shingoni zinahitaji sentimita 32 tu, yaani kama inchi 13. Za katikati ya kisogo zina sentimita 12 za kushuka kabla ya kufika shingoni, jumla 44, karibu inchi 17. Za utosini zinatembea sentimita 24 juu ya mviringo wa kichwa, jumla 56, yaani inchi 22.

Sasa fikiria angesukwa inchi 22 kichwa kizima, kama inavyofanyika kila siku. Za utosini zingeishia mahali sahihi, za shingoni zingepitiliza kwa inchi 9 na kutua makalioni. Ndiyo maana mtu anaomba za mgongoni halafu anatoka saluni akizikalia, na msusi naye anaapa kwamba alitumia inchi alizoambiwa. Wote wawili wanasema kweli.

Pima kichwa chako mwenyewe, usichukue namba zangu. Laza utepe kichwani, ufuate mviringo, usiuvute ukapita hewani. Inchi moja ni sentimita 2.54.

4. Pima upana wa mabega.

Msaidizi apime mgongoni, kutoka ncha ya mfupa wa bega moja hadi ya bega la pili. Wenye umbo dogo wengi niliowapima huangukia sentimita 34 hadi 37. Chukua theluthi mbili za kipimo hicho: huo ndio upana wa mwisho wa nywele zako, pamoja na kichwa, ukitazamwa kwa mbele usawa wa masikio. Mteja wetu alikuwa na mabega ya 36, kwa hiyo nywele zake zisizidi sentimita 24. Kichwa chake na nywele zake zikiwa zimelazwa kilikuwa 16. Tulikuwa na sentimita nne za kuchezea kila upande, basi.

Ujazo unaoharibu zaidi ni ule wa pembeni, usawa wa masikio na mashavu, kwa sababu unashindana na mabega. Ujazo kidogo wa juu unavumilika, na kwa mwenye uso wa duara unasaidia. Ila ukipanda juu sana, kichwa kinakuwa kizito kuliko mwili unaokibeba, hasa kwa wanaopenda kufunga rasta zote fundo moja kubwa utosini. Ukitaka kulifunga, lishushe kidogo nyuma ya utosi na uache nusu ya nywele zikining'inia.

5. Chagua unene wa rasta na namna ya kuanzia.

Kwa kichwa kinachobeba sentimita nne tu kila upande, rasta ziwe kati ya unene wa mrija wa wino wa kalamu na unene wa penseli. Zikiwa na unene wa kidole zinahesabika kichwani, kila moja inaonekana peke yake, na hazilali. Kama unapenda nene, zisuke usawa wa taya, huko zinakubali.

Namna ya kuanzia ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Rasta inayoanza kwa fundo husimama kwenye shina kwa siku kadhaa za mwanzo, na hiyo peke yake inaongeza ujazo kichwa kizima. Rasta isiyo na fundo, ile inayoanza na nywele zako mwenyewe kisha nywele za kuongezea zinaingizwa kidogo kidogo, hulala tangu siku ya kwanza. Kwa umbo dogo mimi huchagua hii ya pili karibu mara zote. Inachukua muda mrefu zaidi na wasusi wengi wanatoza zaidi, basi panga siku na pesa mapema.

Kuhusu wingi, soma gramu zilizoandikwa kwenye pakiti. Kuna pakiti za gramu 80 na kuna kubwa za gramu 165, kwa hiyo "nileteeni pakiti sita" haina maana mpaka ujue ni zipi. Kwa urefu wa mstari wa sidiria na unene niliousema, pakiti nne za gramu 80 humtosha mtu mwenye kichwa kidogo, ya tano ikae akiba. Usimruhusu msusi afungue zote mwanzoni na kuzichanganya, kwa sababu zikishafunguliwa kila mtu huona uchungu kuzirudisha na zinaishia kichwani.

6. Jaribu kwa uzi kabla ya kununua.

Funga utepe kuzunguka kichwa. Kata nyuzi kumi na mbili za kufumia, nne kwa kila urefu uliopata hatua ya tatu, ukiziongezea kidogo cha kufungia. Za kisogoni zifunge nyuma ya utepe, za utosini zilaze juu ya kichwa uzibane kwa kibanio. Simama mbele ya kioo kirefu ukiwa umevaa nguo unazovaa kwa kawaida na viatu unavyotembelea. Mwombe mtu akupige picha ya mbele, ya pembeni na ya nyuma, simu ikiwa usawa wa kifua chako. Akiipiga kutoka juu kichwa kitaonekana kikubwa hata bila rasta, na utakimbia mtindo ambao hauna kosa.

Ukiona bado ni ndefu, kata uzi. Uzi hauna gharama.

Anayevaa mtandio kila siku afanye jaribio hili akiwa ameuvaa, nywele zikiwa zimekunjwa kama atakavyozikunja. Kwake urefu hauonekani, kinachoonekana ni lile fundo la nyuma, na pakiti moja ikipungua hapo tofauti inaonekana waziwazi.

7. Ongea na msusi kwa vipimo.

"Nataka za wastani" haimwambii kitu. Mwambie namba zako, kwa mfano: "Dada, za shingoni ziishie inchi 13, za katikati 17, za juu 22, unene usizidi penseli, zisiwe na fundo." Kama nywele za kuongezea ni zile za kufungua na kukunja katikati, zikatwe kabla ya kusukwa, fungu fungu, kila fungu kwa mstari wake. Kusuka nako kunakula urefu, na kila mkono unakula kivyake. Kwa hiyo asuke rasta moja ya shingoni mpaka mwisho, muipime, ndipo mkate zilizobaki. Hapo kosa bado ni la rasta moja.

Za mbele, kuanzia kwenye panja kwenda kwenye paji, ziwe fupi kwa inchi mbili hivi kuliko hesabu inavyosema. Zikiletwa mbele zinaishia juu ya kifua, na mwisho wa nywele wote haukatiki kama umepigwa rula.

8. Simama katikati ya kazi.

Kisogo chote kikishakamilika, inuka, nenda kwenye kioo kirefu, pima upana na tazama urefu. Msusi anaweza kununa kidogo. Ni heri anune sasa kuliko ufumue kesho kutwa.

9. Ncha kwenye maji ya moto.

Rasta za plastiki hufungwa ncha kwa kuchovya kwenye maji yaliyotoka kuchemka, kisha zinakaushwa kwa taulo. Maji hayo pia huzilaza na kuondoa ule ukakamavu unaozifanya zisimame mbali na mwili. Funika mgongo na mabega kwa taulo nene kwanza, na ndoo ishikwe na mtu mzima. Kwa mfupi aliyekaa kwenye kiti cha saluni, ndoo huwa karibu sana na mgongo. Nimeona watu wakiungua hapo, na ni kwa haraka tu.

Wigi na nywele za asili

Wauzaji wengi wa wigi hupima inchi kutoka utosini, kwa hiyo tumia namba yako ya utosini. Kwa mteja wetu wigi iliyonyooka isizidi inchi 22, na ya inchi 14 ingemgusa mabega. Ya mawimbi hupimwa ikiwa imevutwa, itaonekana fupi zaidi. Ujazo wa wigi huandikwa kwa asilimia: 130 au 150 inatosha umbo dogo, 180 itavuka mabega yako mapema. Angalia pia ukubwa wa kofia yake, kwa sababu kofia kubwa ikikazwa hujikunja na kuinuka utosini.

Nywele za asili za kipilipili hujikunja zikikauka, mara nyingi zikabaki chini ya nusu ya urefu wake. Zikatwe na kuchongwa zikiwa kavu, katika hali unayozivaa. Punguza pembeni usawa wa masikio, acha juu. Ukizipima zikiwa zimelowa na kuvutwa, utapata umbo ambalo hutaliona tena mpaka siku ya kuosha.

Ikiwa tayari mambo yameharibika

Zimekuwa ndefu mno. Usifumue. Kwanza tafuta nywele zako mwenyewe zinaishia wapi ndani ya rasta, kwa kupapasa pale zinapobadilika kuwa laini na nyembamba, na ufunge uzi wa rangi hapo. Kata chini ya uzi, anza na mstari wa shingoni, panda kidogo kidogo, kisha chovya ncha upya.

Kichwa kimekuwa kikubwa. Paka povu la nywele kwenye mashina, funga kitambaa cha satini kwa nguvu ya wastani kwa nusu saa, utazame tena. Kama fundo za mwanzo ndizo zinazosimama, zitalala zenyewe baada ya siku chache. Ikibaki hivyo baada ya wiki, toa rasta moja moja kutoka tabaka la ndani nyuma ya masikio, na nywele zako hapo uzisuke ndogo zikae chini ya nyingine. Kwa mbele hakuna atakayejua.

Rasta fupi zimefunguka kama pembe tatu. Tabaka la chini lina rasta nyingi mno au lina urefu sawa na la juu. Fupisha la chini kwa inchi moja, kunja ncha za juu kwa ndani kwenye vibiringio, uchovye maji ya moto na uviache mpaka zikauke.

Zinavuta na kuuma. Vipele vidogo kwenye panja, ngozi inayong'aa, au kushindwa kulala usiku wa pili ni dalili kwamba rasta ni nzito kuliko shina linalozibeba. Povu wala mafuta hayatibu hilo. Fumua za mbele siku hiyo hiyo, kwa sababu nywele za panja zikivutwa mara kwa mara huacha kuota. Ukirudi kusuka, kata mafungu makubwa zaidi kwenye ngozi na uweke nywele chache zaidi kwenye kila fungu.

Urefu ni sahihi, lakini bado unajiona umezama. Tazama kola. Blauzi yenye shingo ya juu pamoja na rasta zinazoishia kwenye mtulinga hufunika sehemu yote kati ya kidevu na kifua. Fungua vifungo viwili au zirushe rasta zote nyuma, halafu upige picha upya kabla hujashika mkasi.